Gramu, laisini au mafungu: njia tatu za kuhesabu protini kwa vegani

Mtu anayekula adesi (wengine huziita kamande), njegere, karanga na nafaka zisizokobolewa kila siku hakosi chakula chenye protini. Kinachomsumbua ni hesabu. Anaandika alichokula kwenye daftari au kwenye programu ya simu, jioni anaona gramu 52, na hajui kama hizo 52 zinatosha, wala kama kweli ni 52. Mwenzake anamwambia ajumlishe gramu na kulala. Mwingine anamwambia gramu pekee ni udanganyifu, ahesabu asidi amino. Wa tatu anasema aachane na mizani kabisa, ahesabu bakuli.

Wote watatu wana sehemu ya ukweli, ila kila njia ina mtu wake. Nitazipitisha njia hizo tatu kwenye siku moja ileile ya chakula, tuone kila moja inaona nini na inakosa nini.

Siku yenyewe ni ya mtu mzima mwenye kilo 60, mwenye afya, asiye mjamzito wala mfanya mazoezi mazito. Asubuhi amekunywa uji wa oti uliopikwa kwa gramu 60 za oti kavu, akatafuna na lozi gramu 30. Mchana amekula slesi nne za mkate wa ngano isiyokobolewa, jumla gramu 120, pamoja na karanga gramu 35. Alasiri amekula jozi gramu 30. Usiku amekula gramu 300 za wali wa mchele usiokobolewa na mboga za majani. Ni siku ya kawaida kabisa, ya mtu anayejitahidi kula vizuri. Hakuna soda wala maandazi ndani yake.

Njia ya kwanza: kujumlisha gramu za protini

Kiwango kinachotumika sana kimetoka kwenye ripoti ya 2007 ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa: gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa kilo 60 hiyo ni karibu gramu 50.

Tujumlishe siku yetu. Oti zimetoa gramu 8, lozi 6, mkate 15, karanga 9, jozi 4.5, wali 8, na mboga za majani kama 2. Jumla ni gramu 52.5. Kwa njia hii mtu wetu amefaulu na ziada kidogo anayo.

Uzuri wa njia ya gramu ni kwamba tarakimu zake zinapatikana popote. Ziko kwenye pakiti, ziko kwenye majedwali ya vyakula, na kila programu ya simu inazo. Mtu anaweza kuanza leo. Lakini ina mtego mmoja ambao huvuruga hesabu za wala mimea kuliko mingine yote, nao ni maji.

Adesi kavu zina karibu gramu 24.6 za protini katika kila gramu 100. Zikishapikwa zimekunywa maji, na gramu 100 za adesi zilizopikwa zina protini gramu 9 tu. Protini haikupotea, imetawanyika kwenye uzito mkubwa zaidi. Sasa mtu akipima sahani yake na kupata gramu 150 za adesi zilizopikwa, kisha kwenye programu akachagua “adesi” ya kwanza inayotokea bila kuangalia kama ni kavu, anaandikiwa karibu gramu 37 za protini badala ya 13.5. Kosa moja la kugusa kioo limempa nusu ya mahitaji ya siku ambayo hajala.

Kulitambua kosa hili ni rahisi ukitazama kalori zilizoandikwa kando. Adesi kavu huwa na kalori 350 hivi kwa gramu 100, zilizopikwa 115 hivi. Ukiona zaidi ya 300, hiyo ni kavu, hata kama jina halisemi. Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kwa wali na kwa njegere kavu.

Bado kuna swali la mchuzi. “Adesi zilizopikwa” za kwenye jedwali ni zile zilizochujwa maji. Ukipika rojo laini yenye maji mengi, gramu 100 zake hazina protini 9. Kwa hiyo mimi napendelea kupima kavu, mara moja, kabla ya sufuria kwenda jikoni. Tuseme umeweka gramu 200 za adesi kavu: hizo ni karibu gramu 49 za protini, na zitabaki 49 hata ukiongeza maji kiasi gani. Pima sufuria tupu, kisha ipime tena ikiwa na chakula kilichoiva. Kama chakula chenyewe ni gramu 900, gawanya 49 kwa 900, zidisha kwa 100, na utapata gramu 5.4 kwa kila gramu 100 za rojo. Bakuli la gramu 250 litakuwa na protini 13.5. Kama ulipika kwa maji kidogo na chakula kikawa gramu 560, kila gramu 100 ina 8.75, na bakuli la gramu 250 lina karibu 22. Ni bakuli lilelile na adesi zilezile, ila tofauti ni zaidi ya gramu 8. Asiye na mizani kubwa anaweza kugawa sufuria kwa milo: ikiliwa kwa milo minne iliyo sawa, kila mlo una robo ya 49, yaani 12 na ushei.

Njegere nazo zina mtego wa jamaa na huo. Njegere za kijani zilizochemshwa zina gramu 5.4 kwa 100. Njegere kavu zilizopasuliwa, zikishapikwa, zina zaidi ya 8. Jina ni moja, lakini moja imevunwa ingali na maji na sukari, nyingine imekomaa na kukauka. Anayebadilisha moja kwa nyingine bila kubadilisha hesabu anajipunja au kujizidishia kwa theluthi au zaidi.

Kwa upande mwingine, kuna tofauti ambazo hazistahili kukukosesha usingizi. Pakiti moja ya lozi inaweza kuandika protini 25 kwa gramu 100 na jedwali likaandika 21, na zote zikawa zinazungumzia lozi zilezile. Maabara hupima naitrojeni, si protini yenyewe, kisha huzidisha. Kizidishi cha jumla ni 6.25, lakini kwa lozi kizidishi mahususi ni 5.18, kwa karanga 5.46. Anayetumia cha jumla anapata tarakimu kubwa. Kwenye konzi la gramu 30 tofauti ni kama gramu moja. Chagua chanzo kimoja, ushikamane nacho.

Njia ya pili: kuhesabu laisini

Mwili hauhitaji protini kama protini. Unahitaji asidi amino zinazoiunda, na tisa kati yake hauwezi kuzitengeneza. Kwa anayekula mimea, moja ndiyo hupungua kwanza karibu kila mara: laisini. Nafaka zina kidogo, lozi na jozi zina kidogo, na jamii ya kunde, kama adesi na njegere, ndiyo inayo kwa wingi. Nyingine ambayo watu huitaja, methionini, haina wingi kwenye kunde, lakini nafaka huileta bila shida, na ni nadra kumkuta mtu anayekula adesi bila nafaka yoyote. Ndiyo maana, kati ya hizo tisa, nashauri kuhesabu moja tu. Laisini ikitosha kwa vyakula hivi, zilizobaki kwa kawaida zimetosha pia.

Ripoti ileile ya 2007 inasema protini ya mtu mzima inapaswa kubeba miligramu 45 za laisini katika kila gramu. Tarakimu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwenye mada hii, kwa sababu inafanya kazi kama mstari wa mizani. Chakula kilicho juu ya 45 kinakuinua, kilicho chini kinakuteremsha. Hivi ndivyo vyakula vyetu vinavyokaa:

| Chakula | Protini (gramu) katika gramu 100 | Laisini (miligramu) katika gramu 1 ya protini |
|---|---|---|
| Njegere kavu, zilizopikwa | 8 | 72 |
| Adesi, zilizopikwa | 9 | 70 |
| Njegere za kijani, zilizochemshwa | 5.4 | 58 |
| Korosho | 18 | 51 |
| Oti kavu | 13 | 42 |
| Wali wa mchele usiokobolewa | 2.6 | 38 |
| Karanga | 26 | 36 |
| Jozi | 15 | 28 |
| Lozi | 21 | 27 |
| Mkate wa ngano isiyokobolewa | 12.5 | 26 |

Tazama safu mbili za namba zinavyopingana. Karanga na lozi zinaongoza kwa gramu, lakini kwa laisini ziko chini ya mstari. Adesi zilizopikwa zina gramu chache kwa sababu ya maji, lakini kila gramu yake ina laisini zaidi ya mara mbili ya ile ya mkate. Karanga ni jamaa ya kunde kwa ukoo wake, ila kwa laisini inatembea na nafaka.

Sasa turudi kwa mtu wetu. Mahitaji yake ni gramu 50 mara 45, yaani miligramu 2250 kwa siku. Oti zimempa 340, lozi 160, mkate 390, karanga 320, jozi 130, wali 300, mboga za majani kama 100. Jumla ni 1740. Amepungukiwa na miligramu 510, karibu robo ya mahitaji, katika siku ambayo njia ya kwanza ilimpa alama ya kufaulu.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana, na hapa ndipo watu wengi huchukua dawa isiyo sahihi. Wakisikia protini ya mimea “haitoshi”, wanaongeza gramu. Tujaribu. Mtu wetu aongeze slesi mbili za mkate afike gramu 60. Laisini itapanda kwa 195 tu, ifike 1935, bado haijafika. Amekula zaidi na pengo limebaki.

Tujaribu njia nyingine: badala ya kuongeza, abadilishe. Aondoe lozi za asubuhi na slesi mbili kati ya nne za mchana. Hizo ni gramu 13.5 za protini zimetoka. Aweke gramu 150 za adesi zilizopikwa na kuchujwa, ambazo zina gramu 13.5 zilezile. Jumla ya protini haijasogea hata kidogo, bado ni 52.5. Laisini imetoka 1740 hadi 2330. Anayehesabu gramu tu angeziona siku hizi mbili kuwa pacha.

Nisingeishia hapo 2330 lakini. Protini ya mimea iliyo na nyuzinyuzi zake haifyonzwi yote. Sehemu hupita bila kusagwa. Kwa adesi, njegere na nafaka zisizokobolewa, kudhani kwamba mwili unapata karibu asilimia 85 ni makadirio ya busara. Asilimia 85 ya 2330 ni 1980, na hiyo iko chini ya mstari. Kwa sababu hii wataalamu wengi wa lishe humshauri mla mimea alenge gramu 1 kwa kilo badala ya 0.83. Kwa mtu wetu ni gramu 60. Akiongeza gramu 85 nyingine za adesi zilizopikwa, anafika gramu 60 za protini na miligramu 2865 za laisini, na baada ya kukata asilimia 15 anabaki na zaidi ya 2400. Sasa amekaa salama. Na tumbo halikubebeshwa mzigo: lozi na mkate vilivyotoka vilikuwa na kalori 325 hivi, adesi zote gramu 235 zina 270 hivi.

Si lazima adesi na wali vikutane kwenye sahani moja. Katika miaka ya 1970 ushauri wa kuchanganya nafaka na kunde kwenye mlo uleule ulienea sana, na hadi leo kuna watu wanaohesabu kila mlo peke yake. Mwili una akiba ndogo ya asidi amino huru inayochangiwa na kila mlo, pamoja na protini zake wenyewe unazozivunja na kuzijenga upya muda wote. Uji asubuhi na adesi usiku vinahesabika pamoja. Funga hesabu kwa siku, si kwa sahani.

Udhaifu wa njia ya laisini ni tarakimu zenyewe. Pakiti hazizitaji. Programu nyingi za simu zina laisini kwa baadhi ya vyakula tu, na chakula kisicho na taarifa huhesabiwa kama sifuri. Mtu anaona jumla ya miligramu 900 na kushtuka, kumbe nusu ya alivyokula havina taarifa. Kabla ya kuiamini jumla, fungua chakula kimoja kimoja na utazame kama nafasi ya laisini ina namba au ni tupu. Ukikuta tupu, zidisha mwenyewe gramu za protini kwa namba ya jedwali la hapo juu. Pia joto kali kavu hupunguza laisini: uso wa mkate uliobanikwa hadi kahawia iliyokolea umepoteza kiasi chake. Namba za jedwali hazilijui hilo, kwa hiyo zichukue kama makadirio mazuri, si kama vipimo vya maabara vya chakula chako.

Njia ya tatu: kuhesabu mafungu ya kunde

Hii ndiyo njia ya mtu aliyechoka na mizani. Haihesabu gramu za protini wala laisini. Inauliza swali moja tu: leo umekula mafungu mangapi ya jamii ya kunde? Ushauri unaosikika zaidi ni matatu kwa siku, na fungu huwa nusu kikombe cha kunde zilizopikwa, yaani gramu 100 hivi za adesi.

Ina akili yake, kwa sababu inalenga palepale penye upungufu. Nafaka na karanga hazihitaji kukumbushwa, zinaliwa tu. Kinachosahaulika ni adesi. Lakini mara nyingi inafundishwa kwa ulegevu unaoiharibu: kila jamaa ya kunde inahesabiwa fungu sawa. Gramu 100 za adesi zilizopikwa hutoa laisini 630. Gramu 100 za njegere kavu zilizopikwa hutoa karibu 580. Gramu 100 za njegere za kijani hutoa 315, na konzi la karanga gramu 30 hutoa 280. Hizo mbili za mwisho ni nusu ya fungu, si fungu. Anayekula njegere za kijani kidogo kwenye wali, konzi la karanga mchana na siagi ya karanga jioni atajiandikia mafungu matatu, na kweli ana moja na nusu.

Kwa hiyo, ukichagua njia hii, iweke hivi: adesi na njegere kavu, gramu 100 zilizopikwa ni fungu moja; njegere za kijani gramu 100 au karanga gramu 30 ni nusu fungu; lozi na jozi hazihesabiwi. Mtu wetu katika siku ya kwanza ana nusu fungu tu, la karanga. Njia hii ingemkamata mara moja, bila mizani wala jedwali, wakati njia ya gramu ilimpitisha. Baada ya mabadiliko na nyongeza ana mafungu karibu matatu: adesi mbili na theluthi hivi kwa kukadiria bakuli, na nusu ya karanga. Mizani ingesema 2.35 na nusu, macho yangesema matatu, na katika jambo hili tofauti hiyo haidhuru.

Inapokosea ni kwa miili iliyo mbali na wastani. Mtu wa kilo 90 anahitaji laisini 3375 kwa kiwango cha msingi, na mafungu matatu hutoa 1890. Atategemea nafaka zimletee 1500 zilizobaki, jambo linalowezekana kwa kuwa anakula nyingi, ila si la uhakika. Kwake yeye ni mafungu manne. Mtu wa kilo 45 anatosheka na mawili. Na njia hii haioni jumla ya protini: mtu anaweza kula mafungu yake matatu na kitu kingine kidogo sana, akabaki na gramu 35 kwa siku.

Nani achague ipi

Kwa anayeanza, nashauri njia ya gramu kwa wiki chache za mwanzo, si kwa sababu ni bora bali kwa sababu inafundisha macho. Baada ya kupima sufuria mara kadhaa utaijua gramu 150 ya adesi ukiiona. Lenga gramu 1 kwa kilo, na uongeze sharti moja: theluthi ya gramu hizo, au zaidi, zitoke kwenye adesi na njegere. Katika mfano wetu gramu 21 kati ya 60 zilitoka kwenye adesi, na hilo lilitosha kuipandisha laisini. Sharti hilo dogo linaziba tundu kubwa la njia ya kwanza bila kukulazimisha kuhesabu asidi amino.

Ukishazoea, hamia kwenye mafungu. Sioni faida ya mtu mwenye afya, mwenye uzito uliotulia na anayekula adesi au njegere kavu kila siku kuendelea kupima kwa miaka. Rudi kwenye mizani kitu kikibadilika.

Laisini ihesabiwe na watu watatu hasa. Wa kwanza ni yule ambaye kunde zinamsumbua tumbo na anategemea lozi, jozi na mkate. Kwake gramu zitasema uongo kila siku. Njia yake ya kutokea ni korosho badala ya lozi, njegere za kijani ambazo wengi huzivumilia kuliko kunde kavu, na oti badala ya baadhi ya mkate. Kisha ahesabu aone amefika wapi. Wa pili ni anayepunguza uzito. Akikata chakula, jumla zote zinashuka pamoja, na hapo bei ya kalori inakuwa muhimu: gramu 10 za protini kutoka kwenye adesi zinakugharimu kalori 130 hivi, kutoka kwenye lozi 275, kutoka kwenye jozi au wali usiokobolewa zaidi ya 400. Kwake jozi ni chakula cha mafuta mazuri, na zihesabiwe hivyo. Wa tatu ni mzee. Kwa walio na zaidi ya miaka 65 wataalamu wa lishe ya uzee wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku, wakati hamu ya kula imepungua. Nafasi ya kukosea ni ndogo, kwa hiyo kila gramu iwe na laisini yake. Rojo la njegere kavu, laini na lisilohitaji meno, linamfaa kuliko konzi la lozi ambalo halitafuniki.

Anayefanya mazoezi ya nguvu yuko tofauti kidogo. Mahitaji yake hupanda hadi kati ya gramu 1.2 na 2.0 kwa kilo, na akifika huko kwa adesi na nafaka, laisini kwa kawaida imeshapita mstari yenyewe. Kinachomshinda ni wingi wa chakula. Gramu 100 za protini kwa adesi peke yake ni zaidi ya kilo moja iliyopikwa, kwa siku. Huyu arudi kwenye gramu, azigawe kwenye milo minne, na afikirie unga wa protini ya njegere, ambao una laisini nyingi kama njegere yenyewe.

Mwenye ugonjwa wa figo asitumie tarakimu yoyote kati ya hizi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu kiwango chake kinaweza kuwa chini ya 0.83 kwa makusudi. Mjamzito anahitaji karibu gramu 1.1 kwa kilo, na hesabu yake ipitiwe kliniki. Na anayeona nywele zinakatika au uchovu usioisha asikimbilie kuongeza adesi kwanza: dalili hizo hizo huletwa na upungufu wa madini ya chuma na wa vitamini B12, ambayo haimo kwenye adesi, njegere, karanga wala nafaka na ni lazima vegani aipate kwa kidonge au kwa chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Kipimo cha damu kitajibu swali hilo kabla mizani ya jikoni haijajibu.